Watu Ishirini, Magari Mawili

JUMAPILI

Msafara umeondoka Dar es Salaam saa 11 alfajiri. Ratiba ilisema saa 10. Saa nzima tulimsubiri mtu wa sauti, ambaye bodaboda yake iliishiwa mafuta njiani. Tulikaa ndani ya Kosta huku dereva akihesabu vichwa. Alihesabu mpaka mtu wa ishirini alipopanda, akiwa amebeba begi lake kichwani.

Mimi ni meneja wa uzalishaji wa filamu hii. Mwongozaji anashughulika na hadithi. Mimi nashughulika na magari, vitanda, maji na chakula. Kijiji tutakachopigia picha kiko milima ya Usambara, mbele ya Lukozi, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Lushoto mjini. Barabara ya lami inaishia nyuma sana. Gesti tulizopata ziko kwenye senta ya juu, kando ya barabara kuu ya vumbi. Kijiji chenyewe kiko bondeni, kilomita 7 chini, kwa njia ya udongo mwekundu ambayo Kosta haiiwezi.

Mpango niliopeleka ofisini ulikuwa wa kurasa mbili. Nilitaka jiko lilale kijijini, na nilitaka Land Cruiser tatu. Karatasi ilirudi na mistari miwili myekundu. Jiko limefutwa. Chakula cha mchana kitapikwa na hoteli moja mjini Lushoto, kisha kitaletwa kila siku kwa gari. Land Cruiser ya tatu nayo imefutwa. Nilipiga simu kueleza sababu za kila kitu. Nikaambiwa bajeti imeshasainiwa.

Tulijaza mafuta Mombo, kwenye magari yote na kwenye madumu ya jenereta. Ukishaiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kupanda kuelekea Soni na Lushoto, kila unachosahau unakirudia kwa kona nyingi. Huko juu mafuta yanauzwa kwenye chupa na madumu, na jenereta haipendi mafuta yaliyokaa na maji. Foleni ya kituo ilikuwa ndefu. Mbele yetu kulikuwa na mabasi matatu na trekta.

Tumefika senta usiku. Baridi ni kali. Mwezi wa saba Usambara si wa kuvaa fulana, na nililiandika hilo kwa herufi kubwa kwenye ujumbe wa kila mtu. Msaidizi wa kamera amekuja na kaptula.

JUMATATU

Leo nimeanza na hesabu ya magari, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Land Cruiser moja inabeba watu wanane wakiwa na mabegi madogo. Vifaa vizito vinashuka na Kenta. Kwa hiyo magari mawili yanashusha watu 16 kwa mkupuo wa kwanza, na wanne wanabaki. Kushuka ni dakika 35. Kupanda kurudi kuwachukua ni dakika 40. Kushuka tena ni 35 nyingine. Wanne wa mwisho wanafika karibu saa mbili baada ya wenzao kuondoka gesti. Gari la tatu lingelifuta pengo hilo lote.

Ukikosa gari, unapanga watu. Mkupuo wa kwanza wanashuka wapambaji, waigizaji wa onyesho la kwanza, watu wa kamera na wa taa. Wanaobaki ni wale ambao kazi yao inaanza jua likishapanda. Watu wengi hudhani viti vya kwanza ni vya wakubwa. Mwigizaji mmoja mwenye jina alikasirika kuwekwa mkupuo wa pili, ingawa onyesho lake lilikuwa la saa 8 mchana. Alishuka na mkupuo wa kwanza, akakaa kwenye jiwe mpaka saa 8.

Wito ulikuwa saa 1 asubuhi. Kanuni inayofuatwa kwenye kazi za filamu ni kwamba mlo mkuu usipite saa sita tangu kazi kuanza. Yaani kwetu leo, saa 7 mchana sahani ziwe mikononi. Hoteli ilisema itamaliza kupika saa 4 asubuhi. Gari liondoke saa 4 na nusu, lifike kabla ya saa 7. Kwenye karatasi ilitosha.

Barabara ya Lushoto kwenda Lukozi ndiyo njia ya mboga. Karoti, kabichi na viazi vya milimani hushuka kwa barabara hiyo kwenda Dar es Salaam, vikiwa vimesheheni kwenye Fuso. Leo Fuso moja ya kabichi iliteleza kwenye kona na kulala ubavu wa barabara, mkia ukiwa umeziba njia. Magari yakajipanga pande zote mbili. Dereva wetu alipiga simu kutoka kwenye foleni. Alikuwa wa kumi na kitu. Wapakuzi walikuwa wanashusha kabichi moja moja.

Chakula kilifika saa 9 na robo alasiri. Watu walikuwa wamekaa chini, hakuna aliyeongea. Nilifungua ndoo ya wali kabla mtu hajagusa sahani, nikachomeka kipimajoto katikati. Kilisoma nyuzi 41.

Hapo sikuwa na cha kuamua. Chakula cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60. Wali una hatari yake maalumu, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kuacha sumu. Kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Anayeula anaweza kuanza kutapika ndani ya saa chache. Harufu haibadiliki, ladha haibadiliki, kwa hiyo pua ya mpishi haisaidii. Wali ule pamoja na kuku wake ulizikwa kwenye shimo mbele ya watu wenye njaa.

Mama lishe wa kijiji alituokoa. Ana kibanda karibu na ofisi ya kijiji. Alichemsha mihogo, akatengeneza chai ya tangawizi, akamaliza maandazi yake yote. Tuliyala tumesimama. Onyesho la jioni halikupigwa, maana jua la milimani linatoweka mapema nyuma ya kilele.

Usiku nilituma ofisini picha ya kipimajoto. Chini yake niliandika jambo moja: kamera ni ya kukodi, na kodi ya nusu siku iliyopotea leo inazidi gharama ya jiko kwa wiki nzima. Jibu lilikuja saa 5 usiku. Lilikuwa na neno moja, «Endelea.»

JUMANNE

Leo jiko limehamia kijijini. Nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha mtendaji. Nilitoa shikamoo zote zinazostahili, nikaonyesha vibali, nikaomba eneo. Walitupa banda la nyuma ya ofisi ya kijiji, lenye paa la bati na ukuta pande tatu. Mama lishe wa jana amekubali kuwa mpishi mkuu, na wasaidizi wawili amewachagua mwenyewe. Nimemlipa nusu mbele. Mtu anayenunua vitunguu vya watu thelathini kwa mkopo wa dukani hawezi kupika kwa amani.

«Mwanangu, nawapikia wangapi?» aliniuliza.

Nikamwambia ishirini, kama bajeti inavyosema. Akaniangalia, akaanza kuhesabu kwa vidole. Madereva wanne. Yeye na wasaidizi wake, watatu. Mgambo wawili wanaolinda vifaa usiku. Mwenyekiti na mtendaji, ambao hupita kila mchana kuangalia kazi, na huwezi kumwacha mwenyeji asimame wakati wageni wanakula. Jumla 31. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nimeiandika kwenye mpango wa awali, ukurasa wa pili, ukurasa ambao haukusomwa.

Bajeti huhesabu majina yaliyo kwenye ratiba. Sufuria inahesabu midomo. Tofauti yake kwetu ni zaidi ya nusu, na huonekana siku ya kwanza wakati madereva wanaposogea na kukuta mwiko unakwangua chini. Dereva mwenye njaa ndiye atakayewapandisha watu mlima gizani.

Kwa hiyo tulikaa na kupanga kwa midomo 31. Mpishi anahesabu kilo moja ya mchele kwa watu sita wanaofanya kazi ya kubeba na kusimama. Hiyo ni kilo 5 na kidogo kwa mlo mmoja. Unga wa ugali, kilo moja watu wanne, yaani kilo 8. Nyama yenye mifupa, kilo moja watu watano, yaani kilo 6 na kidogo. Maharage makavu, kilo moja watu kumi, yaani kilo 3. Siku zenye waigizaji wa ziada kutoka kijijini, unaongeza kwa hesabu hizohizo, na unaongeza sahani pia. Leo nilipata mchele wa kutosha kabla sijapata sahani za kutosha.

Maji yalichukua muda zaidi ya chakula. Ya kunywa tumeweka lita 3 kwa mtu, karibu madumu matano ya lita 20 kila siku. Ya kupikia, kuoshea vyombo na kunawia mikono ni zaidi ya mara mbili ya hayo. Bomba la kijiji hutoa maji asubuhi, na kuna foleni ya kina mama waliofika kabla yetu na wenye haki kuliko sisi. Tulikubaliana na kamati ya maji kwamba vijana wetu wachote baada ya foleni kuisha, na tulipe kwa dumu kama wengine wanavyolipa. Ya kunywa yanachemshwa usiku ili yapoe yenyewe. Foleni iliisha saa 4.

Kuhusu moto, tumeleta mitungi miwili ya gesi ya kilo 15 na majiko mawili makubwa ya chini. Msaidizi wa mwongozaji aliuliza kwa nini tusitumie kuni wakati msitu uko pale. Msitu ule umehifadhiwa. Kuni zinazoruhusiwa ni za mashamba ya watu, nazo wiki hii zimelowa kwa ukungu. Moshi wake pia ungeingia kwenye picha.

Chakula cha mchana kilitoka saa 6 na dakika 50. Ugali, mchicha na nyama. Hakuna aliyesema kitu kwa dakika kumi, kisha wakaomba kuongezewa.

JUMATANO

Leo maharage hayakuiva.

Yaliinjikwa saa 1 asubuhi. Saa 6 mchana bado yalikuwa yanagonga meno. Mwongozaji alituma mtu kuuliza. Kisha akatuma mwingine. Nilisimama mlangoni mwa banda nikiwajibu mmoja baada ya mwingine.

Sababu zilikuwa mbili, na kila moja ingetosha kutuchelewesha. Ya kwanza ni mlima wenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yanatokota, yanafuka mvuke, lakini moto wake ni mdogo kuliko wa maji yanayotokota Dar es Salaam, na kuongeza gesi hakuyapandishi. Kinachoiva pwani kwa saa mbili, huku kinadai muda mrefu zaidi. Mpishi wa hapa analijua hilo kwa mazoea, na maharage ya mlimani huyaloweka tangu usiku.

Ya pili ilitoka kwetu wageni. Mkurugenzi wa sanaa, kijana mwema sana, aliingia jikoni alfajiri kutaka kusaidia. Alikuta maharage hayajalowekwa, kwa sababu gunia lilifika usiku wa manane na Kenta. Akaona ayape ladha mapema, akakatia nyanya sufuriani tangu mwanzo. Uchachu wa nyanya huzuia ganda la haragwe kulainika. Nyanya huingia maharage yakishaiva, pamoja na kitunguu kilichokaangwa. Mpishi alipofika na kuona rangi ya mchuzi, alikaa chini kwanza.

Tulibadilisha. Mchana tukala wali na kabichi ya kukaanga na mayai, ambayo kwa bahati yalikuwa trei nne. Maharage yaliendelea kuchemka mpaka jioni, yakawa mlo wa usiku. Tangu leo kuna karatasi imebandikwa mlangoni mwa banda yenye mambo ya kufanya kila usiku kabla ya kulala: loweka maharage, chemsha maji ya kunywa, pima mtungi wa gesi kwa kuunyanyua, hesabu mayai. Mkurugenzi wa sanaa ameandika karatasi hiyo kwa mwandiko mzuri.

Nina orodha nyingine mfukoni, niliyoikusanya kabla ya safari. Fundi wa taa ana vidonda vya tumbo, hali maharage wala pilipili. Mpambaji hali nyama. Dereva wa Kenta ana kisukari, na mlo wake haupaswi kusogea. Nyama yote inachinjwa na Mwislamu, na hivyo kila anayekula nyama anaila bila kuuliza. Watu wawili hufunga Sunna siku za Jumatatu na Alhamisi. Hao Jumatatu ndio pekee ambao chakula cha kuchelewa hakikuwatesa, ila futari yao nayo ilitoka kwa biskuti za dukani. Kesho nimewaahidi uji na tende.

ALHAMISI

Mvua imenyesha usiku. Haikuwa kubwa. Masika yamekwisha, na haya ni manyunyu ya ukungu ambayo huku huja hata mwezi wa saba. Udongo mwekundu hauhitaji mvua kubwa. Unahitaji kulowa juu tu, tairi zikapakwa tope, na gari likaanza kwenda linakotaka lenyewe.

Saa 11 alfajiri Land Cruiser zilikuwa zinaunguruma mbele ya gesti, na dereva mkubwa alikuwa amesimama barabarani na tochi, akibonyeza udongo kwa kisigino. Alirudi akasema hashuki mpaka upepo uukaushe udongo, kama saa mbili. Mwongozaji alisema tutachelewa. Dereva alisema ndiyo. Nilimuunga mkono dereva. Kwenye mteremko wa bonde lile, anayeshika usukani ndiye mwenye neno la mwisho, na nimeliweka hilo kwa maandishi kwenye mkataba.

Hapo ndipo lilipoonekana tatizo jipya. Jiko liko chini. Watu wako juu. Mpishi alikuwa ameshachemsha chai ya watu 31 bondeni, na watu 20 walikuwa wamesimama kwenye baridi mlimani wakinusa harufu ya tairi.

Kwa bahati tangu Jumanne tumeacha juu sanduku la kifungua kinywa. Lina majani ya chai, sukari, mikate, siagi ya karanga, mayai na jiko dogo la gesi. Kanuni yake ni rahisi. Mlo wa kwanza uwe pale watu wanapoamkia. Mlo wa pili uwe pale wanapofanyia kazi. Chakula kisivuke njia mbaya asubuhi kama kinaweza kuvuka jana yake kikiwa kibichi. Tulikunywa chai kwenye veranda ya gesti. Mayai yalikuwa magumu, lakini yalikuwepo.

Kwa ajili ya siku kama hii tumeweka pia akiba kule chini, mchele, maharage, sukari, chumvi na mafuta ya siku moja nzima, kwenye pipa lenye mfuniko kwa ajili ya panya. Haiguswi mpaka njia ifungwe kabisa. Leo haikuguswa. Mtu wa sauti aliomba sukari kutoka humo, na nilimnyima.

Tulishuka saa 2 na nusu. Kenta haikushuka. Madereva walijaribu mita hamsini, ikageuka ubavu, wakairudisha. Vifaa vya taa vilibebwa na vijana wa kijiji na bodaboda tatu, na mfuatano wake ulipangwa kwa namba zilizobandikwa kwenye masanduku. Bodaboda ya mwisho ilileta stendi za taa bila taa. Taa zilikuja na mtu aliyetembea kwa miguu.

Wafungaji wawili walifuturu kwa tende, uji na mihogo saa 12 na nusu jioni, kwa wakati. Hilo lilinifurahisha kuliko picha zote za leo.

IJUMAA

Kijijini hulipi kwa kadi. Vijana wa kubeba, mwenye banda, kamati ya maji, mwenye kuku, mwenye shamba tulilokanyaga viazi vyake, wote wanalipwa taslimu, na wote wanalipwa kwa noti ndogo. Mimi nilikuja na fedha za wiki, ila Alhamisi ya bodaboda na wabebaji haikuwa kwenye bajeti. Ofisi ilituma nyongeza kwa simu. Wakala wa senta alikuwa na fedha taslimu za watu wawili wa kwanza. Mimi nilikuwa wa tano.

Nilikaa kwenye benchi lake mpaka muuza viazi alipokuja kuweka fedha zake. Ndipo wakala akaweza kunipa mimi, zote zikiwa noti za elfu kumi. Kuzivunja kulichukua maduka manne. Nilinunua viberiti vingi kuliko tunavyohitaji.

Nikiwa huko juu, simu ikalia kutoka chini. Msaidizi wa jikoni alikuwa amemwagikiwa uji mkononi. Mpishi alifanya lililo sahihi kabla ya kupiga simu. Alimvua bangili, akauweka mkono chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, akamwacha hapo dakika 20 kwa saa ya simu. Mtu mmoja alikimbia na dawa ya meno, mwingine na mafuta ya kupikia. Mpishi aliwafukuza wote wawili, maana vitu hivyo vinatunza joto ndani ya ngozi na kuchafua kidonda.

Gari lilikuwepo. Nataka kulieleza hili kwa makini, kwa sababu lina uzito kuliko wali. Tangu Jumatatu nimeweka sharti kwamba muda wote watu wakiwa kazini bondeni, Land Cruiser moja haiondoki. Inaegeshwa pua ikiangalia kupanda, tangi halishuki chini ya nusu, na funguo ziko shingoni mwa dereva asiyeruhusiwa kwenda mbali. Wiki nzima sharti hilo limelalamikiwa. Lile gari lililosimama lingeweza kwenda kuchukua betri, au kumleta mwigizaji. Mwongozaji aliniambia mara kadhaa kwamba ninalipa gari lilale.

Leo gari hilo lilimfikisha dada yule kituo cha afya bila mtu kusubiri gari jingine lipande au lishuke. Mkono una malengelenge, umefungwa, na atapona. Kwa sharti hilo, hata hivyo, kikosi cha watu 20 kinabaki na gari moja tu linalotembea. Kila safari ya mchana, iwe ya betri au ya mtu, inasubiri gari hilo hilo. Leo lilisubiriwa na watu sita kwa mpigo, na kila mmoja alinipigia mimi.

Jioni nilibadilisha madereva. Aliyewashusha watu saa 11 alfajiri hawezi kuwa yuleyule anayewapandisha saa 2 usiku kwenye ukungu. Ratiba inampumzisha kila mtu isipokuwa dereva, kwa sababu huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na akisimama katikati watu hudhani amepumzika. Nimewapa kitanda nyuma ya banda la jiko na saa za kulala za mchana. Mmoja ameniambia hajawahi kupangiwa usingizi kwenye kazi ya filamu.

JUMAMOSI

Tumefunga kazi saa 9 alasiri. Onyesho la mwisho lilikuwa la karamu, na chakula kilichoonekana kwenye picha kilipikwa kwenye sufuria ileile ya chakula chetu. Kililiwa baadaye na waigizaji wa ziada, moto bado umo. Hakikutupwa.

Kuondoka kunataka mpango wake. Watu huchoka, kila mmoja anataka kiti cha kwanza, na kijiji kinabaki na taka. Tuliweka mkupuo wa kwanza wa watu kupanda, kisha vifaa, kisha jiko. Jiko ndilo la mwisho kwa sababu wapakiaji hawajala. Shimo la mabaki limefukiwa. Chupa za plastiki zimepanda na Kenta, maana bondeni hakuna anayezichukua. Madumu ya maji ameachiwa mpishi. Mitungi ya gesi imerudi. Pipa la akiba limekabidhiwa ofisi ya kijiji likiwa limejaa.

Nilimlipa mpishi nusu iliyobaki mbele ya mtendaji, na akatia sahihi. Nikamuuliza kama angepika tena kwa kikundi kama chetu. «Nitapika, mwanangu,» alisema, «lakini mniambie idadi ya kweli.»

Watu wanne wa mwisho, nikiwemo mimi, tulisubiri gari lirudi. Lilichelewa, maana Fuso ya karoti ilikuwa inageuza senta. Tulikaa kwenye magogo mbele ya banda tupu kwa saa moja na dakika 40. Mwigizaji mwenye jina alikuwa miongoni mwetu, kwa sababu sura yake ilihitajika kwenye picha ya mwisho. Alisema sasa ameelewa mambo ya mikupuo.

Taarifa yangu ya ofisi nimeiandika kwenye Kosta, kati ya Soni na Mombo, na herufi zake zimepinda. Ina maombi mawili tu. Kazi ijayo ya watu 20 ihesabiwe chakula cha watu 31 tangu siku ya kwanza, na jiko lilale pale kamera inapofanya kazi. La pili ni Land Cruiser ya tatu. Mbili hazitoshi.